Malipo yamepungua 4,800, halafu naambiwa nijifunze hesabu

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu fomu hairuhusu sifuri.

Nauza kwenye soko hili la mtandaoni kwa muda sasa, wala sina ugomvi na wanunuzi wake. Ugomvi wangu ni na malipo. Kila mwisho wa mzunguko wanatuma fungu moja la pesa benki, na fungu hilo halijawahi kulingana na mauzo yangu hata siku moja. Hilo nalielewa, tena vizuri kuliko yule kijana wa huduma kwa wateja aliyeniandikia hivi majuzi: "Mpendwa muuzaji, malipo yako ni sahihi. Tofauti hutokana na ada. Tafadhali jifunze jinsi ya kusoma taarifa yako ya malipo." Kisha akafunga tiketi. Hakuuliza namba ya oda, hakufungua faili nililoambatisha. Alifunga tu.

Taarifa nilikuwa nimeshaisoma mstari kwa mstari, kwa hiyo naiweka hesabu hapa mwenzangu anayeuza huko aione mwenyewe.

Kitabu changu cha oda kilionyesha mauzo ya 412,000 katika mzunguko ule. Benki ziliingia 276,712. Anayeanza biashara hii akiona pengo la namna hiyo anadhani kaibiwa nusu ya duka, lakini sehemu kubwa ya pengo ina maelezo. Kwanza, soko halihesabu oda siku mteja aliponunua. Linahesabu siku mzigo ulipothibitishwa kufika. Oda zangu za siku za mwisho, zenye thamani ya 58,000, zilikuwa bado njiani, kwa hiyo hazikuwamo. Na oda za mzunguko uliotangulia zenye thamani ya 35,000 ziliangukia humu. Mauzo ya kwenye taarifa yao basi ni 389,000, na ukihamisha oda hizo mbele na nyuma, yanakubaliana na yangu kabisa.

Hapo kwenye 389,000 wanakata kamisheni ya asilimia 12, yaani 46,680, na gharama za usafirishaji 21,400. Sina neno. Halafu yanakuja marejesho. Wateja watatu walirudisha bidhaa za jumla ya 27,000, na wawili kati yao walikuwa wamenunua katika mizunguko ya nyuma. Ukiwatafuta kwenye oda za mzunguko huu hutawapata, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Bidhaa inaporudi, soko linakurudishia kamisheni yake, lakini si yote. Linabaki na asilimia 20 ya kamisheni kama ada ya kushughulikia marejesho. Kamisheni ya 27,000 ni 3,240, nikarudishiwa 2,592, na 648 wakabaki nazo. Kwa hiyo bidhaa iliyorudi haimalizi hesabu kwenye sifuri, inakuachia hasara ndogo. Ukiandika kitabuni kwamba mauzo yamefutika na kamisheni imefutika, utakuwa na tofauti ndogondogo zisizokwisha.

Kisha pesa zilizozuiwa. Soko linashikilia sehemu ya pesa zako kama kinga endapo wateja watarudisha mizigo, na mzunguko unaofuata linaiachia na kushikilia nyingine. Safari hii walishikilia 40,000 na kuachia 25,000 za mzunguko uliopita. Kilichopungua kwenye malipo yangu kwa sababu ya zuio ni 15,000 tu, na hata hizo si gharama. Ni pesa zangu zilizo mikononi mwao. Namfahamu muuzaji aliyekuwa akiandika zuio lote kama ada kila mzunguko, na kwenye vitabu vyake biashara ikaonekana inakula hasara wakati ilikuwa inapata faida.

Sasa jumlisha. Anza na 389,000, toa kamisheni, toa usafirishaji, toa marejesho, ongeza kamisheni iliyorudi, toa zuio jipya, ongeza zuio lililoachiwa. Unapata 281,512. Benki ziliingia 276,712. Zimepungua 4,800.

Ada zote zimeshakatwa, zuio limeshahesabiwa. Hizo 4,800 ni nini? Ndilo swali langu lote kwa yule kijana, na jibu lake likawa nijifunze kusoma.

Nieleze ninavyofanya, kwa sababu bila hivi nisingeiona. Sifananishi malipo na mauzo moja kwa moja. Naweka akaunti ya mpito. Mauzo yote yanaingia humo kwa bei kamili siku ya oda, juu ya salio lililobaki mzunguko uliopita. Makato, marejesho na malipo ya benki yanatoka humo. Kinachobaki mwisho wa mzunguko lazima kiwe vitu viwili tu: pesa zilizozuiwa na oda ambazo hazijafika kwa mteja. Kwangu ilitakiwa zibaki 40,000 na 58,000, jumla 98,000. Zikabaki 102,800. Ziada ni ileile 4,800. Pengo likitokea kwa njia mbili tofauti kwa kiasi kilekile, jua kuna mstari halisi mahali fulani unaoutafuta.

Nikapakua faili la miamala, lile refu lenye mstari kwa kila tukio, maana muhtasari wa ukurasa wa mbele hausaidii kitu. Oda moja humo ina mistari kadhaa: bei, kamisheni, usafirishaji, na kama imerudi, marejesho na kamisheni iliyorudi. Wengi hutumia fomula ya Excel ya VLOOKUP kuvuta kiasi kwa namba ya oda, na VLOOKUP inaleta mstari wa kwanza inaoukuta halafu inanyamaza. Inatakiwa kujumlisha mistari yote ya oda hiyo, kisha uulize pia kuna nini kwenye mistari isiyo na namba ya oda kabisa. Ikiwa namba za oda ziko safu B, kiasi kiko safu F, na namba ya oda unayoitafuta iko A2:

```
=SUMIFS(F:F,B:B,A2)
=SUMIFS(F:F,B:B,"")
```

Fomula ya pili ndiyo iliyonionyesha. Zuio na kuachiwa kwake huwa havina namba ya oda, hivyo nilitarajia ilete hasi 15,000. Ikaleta hasi 19,800. Nikachuja mistari mitupu, nikaukuta: hasi 4,800, aina yake imeandikwa "Marekebisho", namba ya oda hakuna, maelezo hakuna, tarehe tu.

Tarehe hiyo ndiyo iliyonipa uzi. Siku moja kabla yake, mteja mmoja alilalamika kwamba bidhaa ya 12,000 imefika na mkwaruzo. Soko, bila kuniuliza, likamrudishia asilimia 40 ya bei ili abaki nayo. Asilimia 40 ya 12,000 ni 4,800. Baadaye mteja akabadili mawazo, akairudisha bidhaa, akarudishiwa 12,000 nzima. Oda ya 12,000 ikatoa marejesho ya 16,800! Na kwa kuwa kipande cha kwanza kiliandikwa bila namba ya oda, ukiitazama oda hiyo peke yake inaonekana safi kabisa: imeuzwa 12,000, imerudishwa 12,000.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mfumo unaoweza kukata asilimia 12 ya kila kitu bila kukosea hata sehemu ndogo unashindwa kuzuia jambo jepesi namna hii, kwamba marejesho ya oda moja yasizidi bei ya oda hiyo? Kanuni moja tu. Na kwa nini pesa ikitoka mfukoni mwangu haina namba, lakini kamisheni yao ina namba, tarehe na asilimia yake?

Nilifungua tiketi upya nikaweka mistari mitatu tu: mauzo ya oda hiyo, marejesho yake kamili, na ule mstari wa "Marekebisho". Sikuweka maneno mengi. Safari hii nilimpata mtu mwingine, dada mmoja wa kitengo cha malipo, na haki nimpe: aliisoma. Akaniuliza swali moja, kama lalamiko la mteja lilikuwa na picha, akaangalia upande wao, akaniandikia, "Pole sana ndugu muuzaji, ni kweli umekatwa mara mbili, tunarekebisha." Adabu tupu, na kazi imefanyika. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba watu wasiuze huko kabisa, nikafuta. Niliona niwape nyota tatu, maana faili lao la miamala, pamoja na kasoro hiyo, lina kila kitu ukijua pa kuangalia. Nimewahi kuuza kwingine ambako wanakupa jumla tupu na kukuambia uamini.

Pesa zikarudi mzunguko uliofuata. Nikafungua faili nizione: chanya 4,800, aina "Marekebisho", namba ya oda hakuna.

Hata pesa wanayonirudishia mimi, wakijua wazi ni ya oda ipi, wakiwa na tiketi yenye namba yake mezani, wanaiacha bila namba! Mwenye vitabu asiyejua kisa hiki ataiona ataiita mapato mengine, na ile hasara ya mzunguko uliopita itabaki imekaa peke yake milele. Mimi nimeziunganisha kwa mkono, nikaandika namba ya oda pembeni mwa mistari yote miwili, na akaunti ya mpito ikarudi kwenye zuio na oda za njiani tu, kama inavyotakiwa.

Kwa hiyo nyota tatu nimezirudisha kuwa moja. Yule dada apewe zake tano kando. Siondoki sokoni humo kwa sasa, wateja wapo na pesa zangu nyingine bado wamezishika, lakini kila mzunguko nachuja mistari mitupu kabla ya kugusa kitu kingine, na nimewaandikia rasmi kuomba jambo moja: kila mstari wa "Marekebisho" unaotokana na mteja uwe na namba ya oda. Nimejibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa. Tiketi imefungwa.