Friji ipi itapasha chumba chako joto kidogo? Mwongozo wa kununua

Weka kiganja nyuma ya friji inayounguruma, au ubavuni kwa zile zilizofichwa mabomba yake ndani ya bati, utakutana na joto. Anayeishi chumba kimoja, jiko na kitanda pamoja, analihisi usiku kucha. Ndiyo maana katika mwongozo huu sipangi friji kwa ukubwa wala kwa urembo wa mlango. Nazipanga kwa joto zinaloacha chumbani, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani ya boksi na kulimwaga nje, na kompresa ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kuchota. Umeme unaoliwa na kompresa nao haupotei. Wote hugeuka joto na kuishia chumbani, pamoja na lile lililochotwa ndani. Mafundi hupima ufanisi wa uchotaji huo kwa namba iitwayo COP: joto lililochotwa, gawanya kwa umeme uliotumika.

```
COP = Qc / W
Qh  = Qc + W
```

`Qc` ni joto lililotolewa ndani ya friji, `W` ni umeme, na `Qh` ni joto lote linalotoka kwenye koili ya nyuma.

Tuchukue friji ya mlango mmoja ambayo kompresa yake inavuta wati 100 na COP yake ni 1.5. Kompresa inawaka dakika 15, inazima dakika 25, kisha inaanza tena. Katika mzunguko mmoja huo imekula kilojuli 90 za umeme, imechota kilojuli 135 kutoka ndani, na imemwaga nje kilojuli 225. Hapo ndipo mtu hushtuka: mbona chumba kinapokea joto mara mbili na nusu ya umeme ninaolipia?

Hakipokei hivyo. Zile kilojuli 135 zilikuwa za chumba tangu mwanzo. Zilipenya polepole kupitia kuta za friji, mpira wa mlango na mlango ulipofunguliwa, na kompresa imezirudisha zilikotoka. Kilichoongezeka chumbani kwa mzunguko huo ni kilojuli 90 tu, yaani umeme wenyewe. Kwa siku friji hii ina mizunguko 36, jumla uniti 0.9 za umeme, sawa na hita ndogo ya wati 37.5 isiyozimwa. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa takriban wati 100, kwa hiyo friji nzuri inapasha chumba pungufu kidogo ya nusu ya mgeni mmoja.

Hesabu hiyo hubadilika kwa muda unapoingiza kitu chenye joto. Lita 5 za maji ya nyuzi 30 zikipozwa hadi nyuzi 5 hutoa kilojuli 523 hivi. Kwa COP ya 1.5 kompresa itakula kilojuli 349 zaidi, karibu saa nzima ya kuwaka, na koili ya nyuma itamwaga kilojuli 872. Ndiyo sababu jioni unayojaza chupa za maji ndiyo jioni chumba kinachemka. Hilo ni jambo la kupita. La kudumu ni umeme wa kila siku.

Kutokana na hayo, kanuni yangu ya kununua ni moja. COP nzuri peke yake haitoshi. Friji yenye kompresa bora lakini kuta nyembamba huvujisha joto jingi, nayo kompresa hiyo bora hufanya kazi mchana kutwa. Kinachopasha chumba ni `W`, na `W` hutokana na vitu viwili pamoja: joto linalovuja kuingia, na COP inayolitoa. Basi panga hivi.

Nafasi ya kwanza: friji ya inveta isiyo na friza, au yenye friza ndogo sana, isiyo na hita ya kuyeyusha barafu. Sababu iko kwenye nyuzi joto. Kadiri koili ya ndani inavyolazimika kuwa baridi zaidi, na koili ya nje kuwa moto zaidi, ndivyo uchotaji unavyogharimu. Ukomo wa kimaumbile hupatikana kwa kugawa halijoto ya koili ya ndani, kwa kelvini, na tofauti ya koili mbili. Friza inayohitaji koili ya nyuzi 25 chini ya sifuri, huku koili ya nje ikiwa nyuzi 45, haiwezi kuvuka COP ya 3.5. Friji tupu inayotosheka na koili ya nyuzi 10 chini ya sifuri ina ukomo wa 4.8. Friji halisi za nyumbani hufikia nusu ya ukomo au chini yake, lakini uwiano unabaki: friza ndiyo mzigo. Kama hugandishi nyama wala samaki, usiinunue.

Inveta nayo inasaidia kwa njia isiyoonekana. Badala ya kuwaka kwa nguvu zote kisha kuzima, kompresa huzunguka taratibu kwa muda mrefu. Koili ya nje haipati moto sana, ya ndani haipoi kupita kiasi, na COP inapanda. Pia kila kompresa ya kawaida inapozima, gesi ya moto hurudi hadi koili ya baridi na kuipasha, na joto hilo inabidi lichotwe upya mzunguko unaofuata. Inveta hupunguza kuzima huko.

Nafasi ya pili: friji ya inveta yenye friza, isiyoganda barafu. Wengi ndio wanayoihitaji, na sioni aibu kuipendekeza. Lazima tu ujue gharama yake. Ndani kuna hita inayoyeyusha barafu kwenye koili. Tuseme ni ya wati 150 na inawaka dakika 20: hizo ni kilojuli 180, na umeziwasha ndani ya boksi lililotakiwa kuwa baridi. Sehemu kubwa ya joto hilo lazima ichotwe tena. Kama ni lote, kwa COP ya 1.5, kompresa inaongeza kilojuli 120 nyingine. Jumla kilojuli 300, zaidi ya mizunguko mitatu ya friji yetu ya mfano, kwa kuyeyusha mara moja tu. Kwa hiyo tafuta ile inayoyeyusha kwa kupima hali ya koili, si kwa saa.

Nafasi ya tatu: friji ya kompresa ya kawaida, ya kuyeyusha barafu kwa mkono. Ni ile ya mfano wetu. Inaheshimika mradi uyeyushe barafu kabla haijawa nene, kwa sababu barafu ni blanketi kwenye koili: koili inalazimika kuwa baridi zaidi, COP inashuka, na dakika 15 za kuwaka zinakuwa 20. Aina ile ile ikiwa na hita na feni lakini bila inveta naiweka nyuma yake, nafasi ya nne.

Za mwisho: zisizo na kompresa. Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa kuwa ni ndogo, kimya na nyepesi. Friji ya kibamba cha Peltier, ambacho umeme ukipita upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, mara nyingi haifiki COP ya 0.5, tena kwa kawaida hupoza nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la chumba. Boksi la aina hiyo linalovuta wati 60 bila kupumzika linaacha chumbani uniti 1.44 kwa siku, kuliko friji yetu nzima ya mlango mmoja. Niliwahi kuweka moja kando ya kitanda nikidhani udogo wake ni baraka. Baada ya usiku chache niliihamishia ukumbini. Zile za amonia zinazoendeshwa kwa moto wa gesi au hita ziko kundi hilo hilo la COP ndogo. Zina nafasi yake pasipo umeme, lakini ziwekwe penye hewa ya kutosha, kwa kuwa mwako wote wa gesi unaingia chumbani.

Dukani hutaikuta COP kwenye lebo. Utakuta kWh, yaani uniti, kwa mwaka, nayo inatosha. Igawe kwa 8.76 upate wati za wastani, yaani ukubwa wa hita unayoileta nyumbani: 328.5 inakuwa 37.5, 180 inakuwa 20.5. Usiongozwe na herufi ya daraja peke yake, maana hutolewa kwa kuzingatia ukubwa. Friji kubwa ya daraja zuri inaweza kula kuliko ndogo ya daraja la kati. Angalia pia daraja la hali ya hewa. ST hufanya kazi hadi chumba cha nyuzi 38, T hadi 43, wakati N huishia 32.

Na hata kWh hiyo ni ya maabara. Kiwango cha IEC 62552 hupima katika vyumba vya nyuzi 16 na 32. Friji ya ndani nyuzi 4 ikihama kutoka chumba cha nyuzi 25 hadi cha 32, tofauti inapanda kutoka 21 hadi 28, na joto linalovuja linaongezeka kwa theluthi moja. Wakati huohuo koili ya nje inapata moto zaidi na COP inashuka, kwa hiyo umeme unaongezeka kuliko theluthi.

Ukishaifikisha, iachie nafasi ambayo kitabu chake kinataka. Friji ya mfano ikibanwa ukutani hadi koili ipande kutoka nyuzi 45 hadi 55, ukomo wa COP unashuka kutoka 3.5 hadi 3.1. Ile 1.5 inakuwa 1.3 hivi, na kilojuli 90 za kila mzunguko zinakuwa 103. Kwa zenye koili ubavuni, joto la bati ni la kawaida. Usizipange makabati pande zote mbili.

Baada ya wiki, chomeka kipima umeme kati ya plagi na soketi, kiache saa 24 bila kubadili mazoea ya nyumba, kisha linganisha na kWh ya lebo gawanya kwa 365. Ikizidi kidogo, chumba chako kina joto kuliko maabara. Ikikaribia mara mbili, funga mlango juu ya ukanda wa karatasi na uuvute: ukitoka bila kushikwa, mpira wa mlango unavuja. Ukishikwa pande zote na kompresa bado haizimi, huenda gesi imepungua, na hapo dai dhamana kabla muda wake haujaisha.