Simu ya kukunja hapa Goma: uliza vumbi kwanza

Wasomaji wa Goma wanaonilalamikia simu za kukunja husema jambo lile lile: imenunuliwa okaziyo Birere, haijaanguka wala kuingia maji, kisha kijipele kikaota katikati ya kioo cha ndani na mstari mweusi ukafuata. Hilo ni vumbi la makoro.

Kioo kile hujikunja kwa kuwa ni chembamba kuliko unywele, na juu yake kuna plastiki laini ambayo hata ukucha huiachia alama. Chini yake bawaba huacha uwazi mdogo ili kipate nafasi ya kupinda. Chembe ikipenya hapo, kila ukibonyeza unakisukumiza kioo juu yake. Samsung waliliona hilo mapema: mwaka 2019 waliahirisha Fold ya kwanza kutoka Aprili hadi Septemba, wakaziba ncha za bawaba.

Kwa hiyo mimi naanza na namba ya IP, kipimo cha kinga ya simu dhidi ya vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza baada ya IP ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji. IPX8, kama kwenye Fold3 hadi Fold5, maana yake kinga ya vumbi haikupimwa. IP48 ya Flip6 na Flip7, nazo za Samsung, huzuia vitu vinavyozidi milimita 1 tu, na vumbi letu ni dogo zaidi ya hapo. Ni 6 ndiyo inayozuia vumbi kabisa.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni Pixel 10 Pro Fold ya Google, yenye IP68. Ilitoka 2025 kwa dola 1,799 Marekani. Ni pesa nyingi, lakini ndiyo ningepanda nayo pikipiki bila wasiwasi. La pili ni Flip7, ikae kwenye mfuko wake wenye zipu. La tatu, Razr ya Motorola ya 2025, nayo IP48, kwa bei nafuu. Za chini ya hapo, kama muuzaji hana namba ya IP ya kukuonyesha, ziache.

Fold za Samsung za okaziyo sizipendekezi. Tuseme unapewa moja kwa dola 400. Kwa kawaida kioo cha ndani hakibadilishwi peke yake. Huja kimeshikana na fremu na bawaba, na kwa Fold huweza kupita dola 500 Marekani, kabla ya usafiri na fundi. Ukilazimika kununua, izime, iinamishe kwenye mwanga, upitishe kidole taratibu kwenye mkunjo ukitafuta kijipele. Ifungue karibu na sikio: mkwaruzo ni mchanga. Iache nusu wazi. Upande wa juu ukianguka wenyewe, bawaba imelegea.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaobandua ile plastiki ya kiwandani iliyokwaruzika, wakabandika ya kawaida ili simu ing'ae. Ile ni sehemu ya kioo, na kuibandua kunaweza kukipasua. Halafu unaambiwa “haina shida, mama”, bila risiti wala garantii.