Steshenari ya Moshi na picha ya mdogo wangu iliyokataliwa mara tatu

Jamani nina hasira hadi sasa. Juzi juzi nilimpeleka mdogo wangu steshenari moja pale mjini, sio mbali na mnara wa saa, aombe chuo. Fomu yote ilijazwa vizuri, ikabaki picha tu. Yule dada wa kaunta akasema "mnitumie WhatsApp kama document isipoteze ubora", tukatuma, akapandisha, ikatokea maandishi mekundu "Invalid file type". Akanigeukia mbele za watu, eti "kaka hiyo simu yenu feki, kapigeni picha studio". Simu ni aifoni ya mdogo wangu, kainunua kwa hela yake ya mwaka mzima!

Nikamwambia abadilishe jina, ile IMG_4127.HEIC iwe .jpg. Akabadilisha, ikakataa tena. Ndio akaanza kucheka.

Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kuprinti akasogea, akaifungua faili kwa Notepad, vimejaa vidudu vidudu lakini mstari wa kwanza kabisa unasomeka ftypheic. Akasema ona, jina mmebadilisha ila ndani bado ni HEIC, mfumo hausomi jina tu, unachungulia na mwanzo wa faili. Aifoni zinahifadhi picha hivyo tangu 2017 kwa sababu inakula nafasi ndogo, na ukituma kama document inaenda vilevile ilivyo. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp yenyewe inaigeuza kuwa jpg na kuipunguza. Yaani ushauri wa yule dada ndio uliotuharibia!

Ila ngoja niseme ukweli, nilivyopoa nikaona kwa vyeti vya PDF ushauri wake uko sawa kabisa. Kosa lake ni mdomo.

Tukaingia kwenye simu, tukaihifadhi picha kwenye Files, tukaibonyeza kwa muda, Quick Actions, Convert Image, tukachagua JPEG na saizi ya asili. Safari hii aina ikakubaliwa, ikaja "File too large". Mwisho ulikuwa KB 500, yetu MB 3 na kitu, kwa picha ya kitambulisho! Tukarudia palepale tukachagua saizi ndogo zaidi, ikashuka chini ya KB 200, ikapita, uso unaonekana safi.

Sasa huo mfumo nao, ungeandika tu "weka JPG, isizidi KB 500" pale pale juu ya kitufe ingewagharimu nini? Mdogo wangu alishaanza kulia. Nilikuwa nimeapa sirudi pale tena, lakini printa yao ni nzuri na bei ni poa, labda nitarudi siku yule dada hayupo. Kwenye simu tumeshaweka Settings, Camera, Formats, Most Compatible, picha mpya zinatoka jpg, za zamani zimebaki HEIC kama zilivyokuwa.