TAHADHARI: "Tanzanaiti ghafi" ya laki tatu na nusu, picha imeshafutwa

Wakuu, kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akijiita dalali wa Mirerani, anauza mawe ya zambarau. Mimi kanipiga laki tatu na nusu. Asubuhi baada ya kutuma hela, pale palipokuwa na picha pakabaki "Ujumbe huu umefutwa" na namba haipatikani tena. Kwa hiyo sina picha yake ya kuwaonyesha. Jiwe lenyewe ninalo, ngoja niwaelezee mlitambue likirudi kwa jina jingine.

Ukubwa wake ni kama kiberiti. Kwa mbali ni zambarau iliyokolea, na kwenye picha, juu ya taulo jeupe, lilionekana bluu kabisa. Ukilishika dirishani ndiyo unaona rangi imekaa kwa tabaka: zambarau, halafu mstari karibu mweupe kama maji, halafu zambarau tena. Mng'ao wake ni wa kioo, na hapo ndipo nilipoingia mkenge, maana tanzanaiti nayo ina mng'ao wa kioo. Si jiwe la punje punje kama mchanga wala granaiti. Ni kipande kimoja cha fuwele, na pale lilipovunjika pamebaki nyuso bapa, laini, zinazokutana kwa pembe na kuacha vijipembetatu.

Fundi mmoja wa vito ndiye aliyenifungua macho, kwa msumari tu. Aliukokota kwenye kona, ukaacha mfereji na unga mweupe. Akafuta kwa kidole, mfereji haukutoka. (Futeni kweli, kwa sababu kwenye jiwe gumu msumari wenyewe ndio unaochakaa na kuacha mstari wa chuma unaofutika, na mtu anadhani jiwe limekwaruzika.) Kisha akajaribu kuikwaruza chupa kwa jiwe hilo, likateleza. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, msumari hauiwezi, na yenyewe huichora chupa. Hili langu liko chini ya chuma, kwenye 4 hivi. Hapo amethisti nayo ikatoka, kwa kuwa ni 7, na ayolaiti ambayo ni 7 au zaidi.

Nikabisha kwamba labda ni kioo cha kuyeyusha. Akasema kioo hakipasuki bapa namna hii, kinameguka kwa mikunjo kama ndani ya kombe la baharini. Tukapima na uzito. Mizani ndogo ya betri ilitoa gramu 41.3. Akaweka kikombe cha maji kwenye mizani, akaisawazisha isome sifuri, akaning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini. Ikasoma 13.0. Gawanya 41.3 kwa 13.0, unapata karibu 3.18, yaani jiwe ni zito mara 3.18 kuliko maji ya ujazo uleule. Amethisti ingekuwa 2.65, kioo cha chupa kama 2.5. Tanzanaiti ni 3.35 hivi, yaani si mbali sana, na kwa mizani ya bei rahisi nisingeamini namba hiyo peke yake. Ila ukiunganisha na msumari, zile nyuso bapa na tabaka za rangi, jina linalobaki ni moja: floraiti. Tukalimulika kwa taa ya kukagulia noti, likawaka bluu, jambo ambalo floraiti nyingi hufanya ingawa si zote.

Floraiti ni madini halali, viwanda vya chuma vinaitumia. Kwa kito ni laini mno, na bei yake hata haisogelei tanzanaiti.

Mtu akikutumia jiwe kama hili, usiombe picha nyingine. Omba video juani, alizungushe taratibu pande zote. Tanzanaiti ghafi hubadilika rangi kadiri unavyoigeuza, bluu, zambarau, na upande mwingine kahawia au wekundu wa shaba. Floraiti inabaki na rangi ileile kokote unakoigeuzia, mistari tu ndiyo inahama. Mwombe pia akokote msumari kwenye kona, mbele ya kamera. Jiwe ghafi halipotezi kitu hapo. Lililokwisha kukatwa msilifanyie hivyo.

Na leseni muombeni. Mimi sikuomba kwa sababu mwenyewe sina ya kununulia madini, na yeye alilijua hilo. Ndiyo maana tuliopigwa tunanyamaza, unaanzaje kwenda kituoni kueleza ulichokuwa unanunua?

Aliniambia anayo mengine matatu ya mfuko huohuo, moja likiwa na ganda jeupe upande mmoja. Sentensi yake ya kuharakisha ni "mzungu anakuja Ijumaa". Mkiiona hiyo pamoja na taulo jeupe, ni yeye.