Uzoefu wangu: mfamasia anayempima mwanangu uzito kabla ya kutoa haidroksiyurea

Mwanangu ana selimundu, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichukua dawa zake katika duka moja la dawa hapa Mwanza. Naandika hasa juu ya mfamasia wetu, kwa sababu haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, hutolewa kwa hesabu ya uzito, na hesabu hiyo hubadilika kadiri mtoto anavyokua.

Alipoanza dawa alikuwa na kilo 18, na daktari alikusudia apate miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 360 kwa siku, ilhali kapsuli iliyokuwapo ilikuwa ya 500. Mfamasia alishauriana na daktari, wakakubaliana anywe kapsuli moja kila siku isipokuwa Jumatano na Jumapili, kwa kuwa miligramu 2,500 za juma zima zikigawanywa kwa siku saba zinakuwa takribani 357. Alinielekeza pia kuifungua kapsuli na kuchanganya unga wake na maji nikiwa nimevaa glavu, na akasisitiza kwamba mjamzito asiiguse.

Baadaye maumivu ya mifupa, yaliyokuwa yamepungua sana, yalianza kurudi. Mfamasia alitazama majibu ya damu, akaona ukubwa wa chembe nyekundu, ambao dawa hii huuongeza, umeshuka. Hali hiyo hutokea mtoto anaporuka dozi au uzito wake unapoongezeka hadi dozi ikawa ndogo kwake. Tarehe za kuchukua dawa katika daftari lake zilionyesha kwamba haturuki, lakini mizani ilisoma kilo 25, na kwa uzito huo ratiba ile ilikuwa ikimpa miligramu 14 tu kwa kilo. Alimwandikia daktari, naye akaagiza kapsuli moja kila siku bila kuacha. Kabla ya kutoa kopo jipya bado huuliza majibu ya chembe nyeupe na chembe sahani, kwa kuwa zikishuka mno dawa husimamishwa kwanza, na mtoto akipata homa ni lazima awahishwe hospitali.

Foliki, vitamini anayopewa pia, nayo ina habari yake. Chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi siku chache sana, kwa hiyo uboho huzitengeneza kwa kasi na kutumia foliki nyingi. Haitulizi maumivu, na wazazi wengi huiacha kwa sababu hawaoni badiliko. Tulipoikosa, duka jingine lilitupa vidonge vya wajawazito vyenye foliki na madini chuma pamoja. Mfamasia wetu alivikataa mara alipoviona, kwa kuwa mwanangu amewahi kuongezewa damu na chuma cha damu hiyo hubaki mwilini, hivyo hapaswi kuongezewa kingine bila kipimo kuonyesha kwamba amepungukiwa.

Upungufu wa huduma hii ni kwamba haidroksiyurea huadimika dukani, na bei ni mzigo kwetu. Mfamasia hunipigia simu mapema akiona shehena inachelewa, nami huanza kuitafuta kwingine kabla kopo halijaisha.