Niliomba kijiti kimoja, wakanibandika fonti

Nyota mbili, na zote mbili ni za karatasi. Kwenye kuchapisha, hawa jamaa wa Kariakoo wanajua kazi yao: bango limetoka safi, jezi zetu za bluu zimebaki bluu, na nyuso za vijana hazikugeuzwa majivu. Lakini mimi sikwenda pale kwa ajili ya karatasi. Nilikwenda kwa ajili ya ubao wa matokeo.

Picha ni ya fainali yetu ya kikapu. Mpira umo ndani ya nyavu, taa nyekundu ya goli imewaka, na nyuma ukutani ubao unasoma 66 kwa 67, saa ya mchezo ikiwa 0.0. Mpira ulishatoka mkononi kabla ya king'ora, kwa hiyo pointi zilihesabiwa, tukashinda 68 kwa 67. Ila kamera ilifyatua kabla jamaa wa meza hajabonyeza. Bango ni la ukuta wa klabu, si la gazetini (huko kugusa namba ni mwiko, na ni haki), tukataka lisome matokeo yenyewe.

Sasa ona udogo wa kazi. Namba za ubao ule ni za vijiti saba vya taa. Kwenye 6 vinawaka sita, na kilichozimwa ni kimoja tu, cha juu kulia. Kiwashe hicho, tayari una 8. Hakuna namba ya kuandika hapo!

Wao wakaifunika 66 yote kwa kiraka cheusi, kisha wakaandika 68 kwa fonti ya saa ya mezani. Namba za ubao zinalalia kulia kidogo, za kwao zimesimama wima kama askari wa gwaride. Picha ilipigwa kutoka pembeni, ubao unapungua kadiri unavyokwenda mbali, lakini 68 yao inatazama mbele utadhani imebandikwa kwenye kioo cha kamera. Taa halisi ikipigwa picha, katikati ya kijiti huungua na kuwa karibu nyeupe, wekundu ukabaki kingoni na kusambaa kidogo kwenye ubao. Ya kwao ni nyekundu moja, bapa, yenye kingo kali, wakati ubao wote una ukungu kidogo kwa sababu hauko kwenye fokasi.

Na lililoniudhi kuliko yote: 6 ya ubao ina kijiti cha juu, 6 ya fonti yao haina. Pale pale jirani kuna 67 ya wapinzani. Ubao mmoja, 6 za aina mbili!

Nilirudi na bango mkononi. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Bosi, namba ni namba. Nani atakuja na rula?" Nikamwonyesha zile 6 mbili kwa kidole. Akasema, mbele ya wateja, "Kama unajua sana si ungefanya mwenyewe?" Nilikuwa tayari kusamehe fonti. Hilo neno silisamehi.

Nikampelekea picha kijana wa mtaani kwetu anayepiga picha za pasipoti. Hakuandika chochote. Alikwenda kwenye ile 7 ya wapinzani, ambayo kijiti chake cha juu kulia kinawaka, akakikata kwa upana kidogo ili mng'ao wake uje nacho. Zile 0 za saa zilikuwa karibu zaidi, lakini saa ya ubao ule ina taa za njano, hazikufaa. Akakiweka juu ya 6 yetu ya pili kwenye leya yake, akachagua `Screen` ili weusi wa pembeni upotee na mwanga pekee ubaki, halafu kwa `Distort` akakivuta pembe zake hadi kikalala sawasawa na kile cha chini yake. Ukungu na chengachenga ni vya picha ile ile, hakuhitaji kuviigiza. Hata kile kijiti kilichozimwa cha 6 ya kwanza, kinachoonekana kijivu kwa mbali, kimebaki mahali pake. Wale wa Kariakoo walikizika chini ya kiraka.

Kwa hiyo nyota mbili nimeona ni nyingi, nimeacha moja. Faili zuri ninalo, lakini wanataka nilipie upya bei nzima ndipo wachape bango jingine. Silipi. Ila niseme kweli, kama picha yako ni ya harusi na haina namba yoyote, nenda tu, watakutolea kitu kizuri. Muulize dada anayesimamia mashine, usianzie kaunta.