Kijitabu cha chemshabongo cha Marikiti kilichonila jioni mbili

Kama una presha usikinunue. Nasema mapema, maana bado nina hasira, na mwisho wa maandishi haya huenda nikasema kingine.

Nilikinunua mwezi uliopita hivi kwa kijana mmoja mwenye meza ya magazeti na kalamu karibu na Marikiti, hapa Mombasa. Mafumbo yake ni ya nambari: maneno yanalala na kushuka yakikatana, kila kisanduku kina nambari badala ya herufi, nambari moja herufi moja mwanzo hadi mwisho, na hakuna dokezo lolote la maana ya neno. Unapewa herufi moja ya bure, basi. Marehemu mume wangu alikuwa akizifanya za Kiingereza gazetini, akianza kwa kuwinda ING na S za mwishoni. Kwetu huo ujanja hauna kazi. Kiswahili kina mlango wake, na kijitabu hiki ndicho kilichonionyesha. Hilo nakubali, hata nikiwa na hasira.

Mlango wenyewe ni mwisho wa neno. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hivyo kabla sijaandika chochote, hupitia kisanduku cha mwisho cha kila neno na kuandika pembeni nambari ninazoziona. Kwenye fumbo hili la balaa nilipata 7, 3, 14, 2 na 5, na 7 ilikuwa imefunga karibu nusu ya maneno. Hiyo ni A, sina haja ya kuapa. Ila kulikuwa na neno moja limeishia kwa 17. Nikalitia alama, nikaliacha.

Herufi ya bure ilikuwa K, nambari 19. Nikatafuta maneno mafupi, nikakuta 19-22-7. K, kitu, A. KAA haiwezi kuwa, A ni 7. KUA au KOA zingewezekana, lakini 22 haikufunga neno lolote, kwa hivyo si irabu. Basi ni KWA, na 22 ni W. Papo hapo 22-14-22-14 ikawa WEWE, na E nikaipata. Hapo nilikuwa foleni ya feri Likoni, na nikacheka peke yangu mpaka mama wa vitunguu aliyekuwa mbele yangu akageuka kunitazama.

Kulikuwa na 9-14-9-14 pia. YEYE? LELE? PEPE? Usibahatishe, ndiyo kosa la wengi. Nikatafuta 9 pengine, nikaiona kwenye 12-9-7-12-9-7. Konsonanti mbili na A, halafu zile zile tena: NYANYA au CHACHA. Hapa kuna kitu kizuri. C yetu haitembei peke yake, daima H iko nyuma yake, na 12 ilikuwa ikifuatwa na kila aina ya nambari. Kwa hivyo si C. NYANYA, na lile lingine ni YEYE. C yenyewe ilikuwa 21, maana kila ilipotokea ilifuatwa na 4 tu. Q na X hazimo kabisa, ndiyo sababu nambari zinaishia 24.

Na lile neno lililoishia kwa 17? 17-7-7-11-5-17. Huku 17-22-7-12-7 ikiwa ama BWANA ama MWANA. Maneno mengi yalianza kwa 19-5, nikajua ni KU ya kitenzi, kwa hivyo 5 ni U. Ukiweka B unapata BAA-kitu-UB, upuuzi. Ukiweka M, MAA-kitu-UM. MAALUM! Neno la kuja, halikujifunga kwa irabu kama yetu. Wallahi nilimpenda aliyetunga fumbo lile. Kwa dakika kama kumi hivi.

Kisha nikafika kona ya chini kushoto. Neno la kulala: 5-7-22-7-10-3. Herufi zangu zilisema U, A, W, A, kitu, I. UAWA-kitu-I. Neno gani hilo? Nikajaribu J, nikajiambia labda ni UAWAJI, Kiswahili kipya cha vitabuni, nani ajuaye. Lakini 10-7-10-7 ikawa JAJA, na maneno mengine mawili yakaharibika. Nikafuta. Jioni ya kwanza ikaisha hivyo, na wali ukaniungulia.

Jioni ya pili nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Ukikosea wewe, kosa husambaa: nambari ile ile iko mahali pengi, na kila mahali inaharibu neno. Kosa la mchapaji hukaa kisanduku kimoja. Nikaweka D kwenye 10, DADA ikatokea, na yale maneno mawili yakapona. U ya 5 ilikuwa sawa kote. Uharibifu ukabaki pale tu, kwenye U ya mwanzo ya UAWADI.

Lakini neno la kushuka linalopita kisanduku hicho hicho lilikuwa 19-5-21-4-14-5-7. KUCHEUA. Ni neno! Mbuzi anacheua. Ndiyo maana sikulishuku hata mara moja. Nikatafuta nambari ambayo sikuwa nimeitumia sana, nikaikuta 15 kwenye 17-15-14-14, MZEE. Z. Nikaiweka pale konani: ZAWADI. Na ya kushuka, KUCHEZA. Ilikuwa 15, moja imemezwa na mashine, ikabaki 5. Jioni mbili za maisha yangu kwa ajili ya kijiti kimoja cha wino!

Asubuhi nikakipeleka kwa yule kijana. Nilikwenda kwa adabu. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamweleza. Hakukitazama sawasawa, macho yako kwenye simu. Akasoma neno moja tu nililoliandika, akasema, "Mama, kucheua ni neno. Kwani Kiswahili hukijui?"

Mimi! Nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale, bibi yangu alikuwa akitunga mashairi ya harusi, naambiwa Kiswahili sikijui na mtoto ambaye hajainua hata kichwa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli, kucheua ni neno. Nikamwambia, "Na uawadi, mwanangu, nalo ni neno?" Akasema yeye anauza tu, hatungi. Pesa hakurudisha. Shilingi 150, si kitu, lakini angalau pole.

Kwa hivyo, msinunue pale. Au nunueni, lakini kwa mwingine. Majibu ya nyuma nayo usiyategemee, la fumbo langu liliandikwa ZAWADI bila kusema lolote kuhusu nambari. Lakini aliyetunga, yeyote awaye, anakijua Kiswahili; MAALUM ile niliiota. Nikikasirika nasema nyota moja. Nikikumbuka NYANYA nasema nne.

Mtoto wa dada yangu amekiomba, nimemnyima. Jana usiku nilifungua fumbo linalofuata. Neno la kwanza linaanza 5-14-14, na mbele ya ile 5 kuna doa jeupe. Nimechukua kalamu nikaongeza moja kabla sijavaa hata miwani.